Mkataba wa uuguzi Saudia una nembo ya Musaned na natakiwa kulipa 3,200,000. Nisaidieni kuukagua kabla sijatoa hela

BintiMvumi

Habari za jioni wakuu. Mimi ni muuguzi wa ngazi ya stashahada, nipo hapa Dodoma mjini, hospitali binafsi, mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Leseni yangu ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iko hai. Zaidi nimekaa wodi ya wazazi na wodi ya watoto.

Kuna wakala ameniletea nafasi ya kazi Riyadh. Ofisi yao iko Dar, ila wana dada mmoja huku anayekutana na watu pale Nyerere Square. Mshahara ni riyali 4,000 kwa mwezi, malazi na chakula bure, mkataba wa miaka 2. Kazi imeandikwa muuguzi wa nyumbani. Wanataka shilingi 3,200,000 za viza, mtihani na "kushughulikia faili". Natakiwa kutanguliza 1,200,000 wiki hii, nyingine viza ikitoka. Ukivunja mkataba kabla ya miaka 2 unalipa riyali 15,000.

Wamesema mtihani wa leseni wa Prometric nisiwe na wasiwasi nao, nitaufanya nikishafika. Barua yangu ya uzoefu ni ya mwaka mmoja na miezi kadhaa, na dada yule amesema wataniandikia nyingine ya miaka 3 ili ipite. Pasipoti wameshaichukua. Vyeti halisi wanavitaka Ijumaa.

Mkataba nimetumiwa kwenye simu. Juu kabisa una nembo imeandikwa Musaned, upande mmoja Kiingereza na mwingine Kiarabu. Kuna yeyote aliyepita njia hii aniambie kama ni ya kweli?

Mpwapwa_Original

Dada, kimbia. Hakuna wakala mkweli nchi hii, wote wezi. Halafu Tanzania ipo kwenye orodha nyekundu ya Shirika la Afya Duniani, hairuhusiwi nchi yoyote kutuajiri wauguzi. Kama hata Uingereza imekatazwa, hao Waarabu wamepata wapi ruhusa? Mkataba wenyewe wa kutengeneza huo.

KakaWaMahututi

BintiMvumi, nimefanya kazi Riyadh wodi ya wagonjwa mahututi na nimerudi nyumbani, kwa hiyo nitakueleza ninavyoijua.

Mpwapwa, mkataba huo si lazima uwe wa kutengeneza. Mimi naona unaweza kuwa halali kabisa, na hapo ndipo penye hatari kubwa kwa huyu dada.

Musaned ni mfumo wa serikali ya Saudia wa kuajiri wafanyakazi wa majumbani. Dereva wa familia, mpishi, dada wa kazi, yaya, wote wanapitia humo. Ndani ya orodha ya kazi hizo za nyumbani kuna pia muuguzi wa nyumbani, yaani mtu anayeajiriwa na familia kumhudumia mzee au mgonjwa wao. Kwa hiyo jina la kazi hawajakudanganya. Walichokificha ni kwamba utaingia Saudia ukiwa mfanyakazi wa nyumbani, siyo mtumishi wa hospitali.

Tofauti yake ni hii. Muuguzi aliyeajiriwa na hospitali au kampuni ya afya yuko chini ya Sheria ya Kazi ya Saudia. Saa zake kwa wiki hazizidi 48, akizidisha analipwa, akimaliza mkataba ana kiinua mgongo. Tangu mabadiliko ya Machi 2021, akishatimiza mwaka mmoja anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila kuomba ridhaa ya yule wa kwanza. Mfanyakazi wa nyumbani ametolewa kwenye sheria hiyo na ana kanuni zake za pembeni, na yale mabadiliko ya 2021 hayakumgusa. Ukikosana na familia hutahamia hospitali ya jirani. Hutakuwa na metroni wa kumlalamikia wala zamu ya kukabidhi, na mgonjwa akilala bado kuna vyombo na watoto.

Nakuomba uangalie kitu kimoja kwenye mkataba: mwajiri ni nani? Akiwa ni hospitali au kampuni utaona jina la taasisi na namba ya usajili wa biashara. Akiwa ni familia utaona jina la mtu na namba ya kitambulisho chake. Usome upande wa Kiarabu, siyo wa Kiingereza. Sheria yao inasema zikigongana lugha mbili, Kiarabu ndicho kinachofuatwa. Kama husomi Kiarabu, tafuta ustadhi yeyote pale msikiti wa Gaddafi akusomee.

Sista_Kondoa

Samahani, sijasoma yote, ila kama shida ni Prometric mimi ninayo maswali yenyewe yaliyotoka, na majibu. Wengi wamepita nayo. Nichekini inboksi, bei ni ya kawaida.

Mama_Ilazo

Sista_Kondoa, mwanangu, acha kabisa. Mwaka 2023 Baraza la wauguzi la Uingereza liligundua matokeo ya ajabu kutoka kituo kimoja cha mtihani kule Ibadan, Nigeria. Watu walikuwa wanamaliza kwa dakika chache mtihani wa kompyuta ambao wenzao unawachukua muda mrefu. Waliofanyia kituo kile, zaidi ya elfu moja na mia kadhaa, wakatakiwa kurudia, wakiwemo waliokuwa tayari kazini. Baadhi yao walikuwa wamefanya kwa jasho lao. Ndivyo doa la wachache linavyowapaka wote. Ukiuza maswali hapa, yule mtoto wa Mpwapwa anayesoma usiku kwa taa ya simu naye atashukiwa.

Na BintiMvumi, hiyo barua ya miaka 3 iogope kuliko hata hizo hela. Mimi ni metroni, nimesaini barua za uzoefu nyingi. Kuna siku nililetewa barua yenye jina langu na sahihi inayofanana na yangu, ya mtoto ambaye kwetu alifanya mafunzo ya vitendo tu. Niliwajibu wahakiki ukweli, nikaumia kwa ajili ya yule mtoto, lakini sikuwa na namna.

AfisaUtumishi_Dom

Niongezee hapo kwa Mama_Ilazo maana barua hizo zinafikia mezani kwangu. Nipo idara ya utumishi ya hospitali moja hapa mkoani.

Huo uhakiki unafanywa na kampuni inaitwa DataFlow. Wao hawaangalii muhuri wala sahihi kwa macho. Wanamwandikia aliyetoa hati. Cheti kinaulizwa chuoni, leseni inaulizwa Baraza, uzoefu unaulizwa kwetu. Mimi nafungua jalada, naangalia tarehe ya kuripoti, tarehe ya kuondoka na cheo, najibu. Kama barua yako inasema miaka 3 na jalada linasema mwaka mmoja na miezi 4, najibu kilichopo kwenye jalada. Ripoti inatoka hasi. Na ripoti hiyo haiishii Saudia, kwa sababu DataFlow huyo huyo ndiye anayehakiki kwa ajili ya Dubai, Qatar, Oman na Bahrain. Unajikuta umejifungia Ghuba nzima kwa barua ya ukurasa mmoja.

Lakini kuna na makosa ya upande wetu, lazima niseme. Barua nyingi za hospitali zetu zina anwani ya Gmail ya mtu aliyeshahamia Singida, au namba ya mezani iliyokufa zamani. DataFlow wanaandika, hakuna anayejibu, au ujumbe unaangukia kwenye taka za barua pepe. Muda ukiisha ripoti inasema wameshindwa kuthibitisha. Muuguzi ni mkweli kabisa na karatasi zake ni safi, ila amekwama. Kabla hujalipia uhakiki nenda utumishi, uliza nani anajibu barua hizo sasa hivi, na hakikisha anwani iliyo kwenye barua yako ni ya mtu huyo. Angalia na jina pia. Fatuma kwenye cheti na Fatma kwenye pasipoti inatosha kukurudisha nyuma.

FundiMaabara

Afisa, umenigusa. Mimi siyo muuguzi, ni mteknolojia maabara, lakini yamenikuta hayo hayo. Chuo nilichosoma kimebadilishwa jina na uongozi. DataFlow wameniandikia wameshindwa kuthibitisha stashahada yangu. Nilipe tena uhakiki mpya au kuna rufaa? Maana hela yenyewe niliikopa kwenye kikoba.

KakaWaMahututi

FundiMaabara, usilipie upya kabla hujaenda chuoni. Kushindwa kuthibitisha siyo ripoti hasi, ni tofauti kubwa. Afisa atakuelekeza vizuri kuliko mimi barua iandikweje.

Nirudi kwa BintiMvumi kwenye habari ya mtihani, maana hapo pia wamekuchanganya.

Ukienda Saudia kufanya kazi hospitalini, anayekupa leseni ni Tume ya Saudia ya Taaluma za Afya. Unafungua akaunti yako kwenye mfumo wao unaoitwa Mumaris Plus. Uhakiki wa DataFlow unapita, Tume inakukubalia kufanya mtihani, wewe mwenyewe unachagua siku na kituo cha Prometric. Ukifaulu unapangiwa daraja. Mwenye shahada huwa anaingia daraja la mtaalamu, mwenye stashahada kama wewe huwa daraja la fundi wa uuguzi, na mishahara inafuata hayo madaraja. Ukiona mtu anamwahidi mwenye stashahada mshahara wa mtaalamu, muulize daraja hilo kalipata wapi.

Hatua hizo, ukiacha mtihani wenyewe unaofanyiwa kituoni, unaweza kuzifanya ukiwa Dodoma, kwa barua pepe yako na simu yako. Sisemi wakala hana kazi. Wakala mzuri anakutafutia mwajiri na kukupeleka kwenye usaili. Ila akaunti ya Mumaris Plus na ya DataFlow zisifunguliwe kwa barua pepe ya wakala hata siku moja. Nimeona kule Riyadh wenzangu ambao ripoti zao zilikuwa mikononi mwa wakala. Walipotaka kuhamia hospitali yenye maslahi zaidi, ilibidi wamlipe wapate nywila ya akaunti yenye majina yao wenyewe.

Sasa huyu dada anakwambia mtihani utaufanya ukifika. Muulize namba yako ya maombi kwenye Mumaris Plus ni ipi. Kazi ikiwa ni ya hospitali, namba hiyo itakuwepo au itafunguliwa mbele yako. Kazi ikiwa ni ya nyumba ya mtu, hatakuwa na jibu.

BintiMvumi

Asanteni sana wakubwa zangu. Nimeenda leo mchana kwa ustadhi mmoja jirani na pale Gaddafi. Amesoma taratibu mara mbili. Mwajiri ni jina la mwanaume na namba ya kitambulisho. Mahali pa kazi pameandikwa makazi ya mwajiri, Riyadh. Upande wa Kiingereza pale kwenye mwajiri wameweka jina la kampuni ya wakala wa kule.

Nimempigia yule dada kuhusu namba ya Mumaris Plus. Ameniambia hizo ni mambo ya watu wa shahada, mimi nisijali.

Lakini niseme ukweli, bado mshahara unanivuta. Riyali 4,000 kwa hesabu yangu ni zaidi ya milioni mbili na nusu. Hapa sipati hata robo yake.

KakaWaMahututi

Nakuelewa mdogo wangu, na sitakulaumu kwa kutazama mshahara. Tuupige hesabu basi.

Riyali imefungwa kwenye dola, dola moja ni riyali 3.75. Riyali 4,000 ni kama dola 1,066. Tukichukua dola kwa shilingi 2,500 tu, unapata kama 2,660,000. Hesabu yako iko sawa.

Ila swali ni kama hiyo 4,000 imo ndani ya mkataba. Mkataba wa hospitali unagawa mshahara wa msingi, nyumba na usafiri, kila kimoja kwa namba yake. Malipo ya saa za ziada na kiinua mgongo yanatoka kwenye hizo namba. Angalia upande wa Kiarabu uone mshahara ulioandikwa ni riyali ngapi, maana tangazo la WhatsApp halikupi haki yoyote ukishafika.

Halafu kuna hii 3,200,000. Kwa kazi ya hospitali, kifungu cha 40 cha Sheria ya Kazi ya Saudia kinamtwika mwajiri gharama za kumleta mfanyakazi, kibali cha kuishi na kibali cha kazi, na tiketi ya kurudi nyumbani mkataba ukiisha. Muuguzi kulipia mwenyewe DataFlow na mtihani ni jambo la kawaida, na hospitali nyingine zinamrudishia akionyesha risiti. Anayekutoza viza anakutoza kitu ambacho mwajiri huko anatakiwa kukilipa. Mara nyingi mwajiri keshalipa, kwa hiyo kiti kimoja kinalipiwa mara mbili. Mwambie akupe mchanganuo, kila kitu na risiti yake: viza ngapi, mtihani ngapi, vipimo vya afya ngapi. Hiyo "kushughulikia faili" haina bei kwa sababu haina kazi.

Na riyali 15,000 za kuvunja mkataba ni karibu mshahara wa miezi minne. Hospitali nyingine hudai zirudishiwe kilichotumika kukuleta, kwa hesabu inayopungua kadiri unavyotumikia. Lakini kiasi kile kile, hata kama umebakiza mwezi mmoja umalize, hakilingani na gharama yoyote. Kimewekwa ili uogope kuondoka.

Mpwapwa_Original

Sawa Kaka, kwa Musaned umenifundisha. Ila hujajibu la orodha nyekundu. Tanzania imo au haimo?

Mama_Ilazo

Imo, mwanangu. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha mwaka 2023 yenye nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Tanzania imo. Ila haikatazi mtu kusafiri. Inawaambia nchi tajiri zisije kuvuna watumishi kwenye nchi hizo. Msingi wake ni kanuni za mwaka 2010 ambazo nchi zilikubaliana kwa hiari, hazina polisi wa kuzisimamia.

Uingereza wameichukua kwa uzito zaidi. Waajiri na mawakala wao hawaruhusiwi kuja hapa kutangaza na kusajili wauguzi. Lakini wewe Mpwapwa ukiona nafasi mtandaoni ukaomba mwenyewe, moja kwa moja kwa mwajiri, inaruhusiwa. Kwa hiyo mtu akija Dodoma akasema ametumwa na hospitali za umma za Uingereza kukusanya wauguzi, huyo anavunja kanuni za kwao au anadanganya. Na wakala wa Uingereza akikutoza hela ya kukutafutia kazi, amevunja sheria ya kwao ya tangu 1973. Kwa sasa hata nafasi zenyewe kule zimepungua sana, na viza za walezi wa wazee wamezifunga kwa waombaji wapya wa kutoka nje tangu Julai 2025. Bado kuna watu wanaziuza huku.

Saudia haijajifunga namna hiyo, ndiyo maana unawaona wengi wakienda.

Mimi hili linaniumiza pande zote mbili. Kwenye wodi yangu usiku muuguzi mmoja anabeba akina mama ambao wangetosha wauguzi watatu. Kila barua ya uzoefu ninayosaini najua pengo litakaa muda gani. Sijawahi kukataa kusaini, ila nasaini nikijua.

Sista_Kondoa

Mama, heshima yako. Lakini upungufu huo mnaosema upo wapi wakati mimi nimemaliza chuo na leseni ninayo, nauza vocha Kondoa mjini? Wodi ina pengo, na mimi nipo mtaani naomba kibarua cha kujitolea bila posho. Orodha ya Shirika la Afya inanihesabu mimi kama mtumishi wa nchi hii wakati nchi haijaniajiri. Maswali ya Prometric nimeyafuta, nimekubali kosa langu, ila hilo nalo mlijibu.

Mama_Ilazo

Sina jibu la kukupa, mwanangu. Unachosema ni kweli, nafasi za ajira zinafuata bajeti, hazifuati idadi ya wagonjwa. Nakutakia upate, hapa au huko, kwa njia ya salama.

AfisaUtumishi_Dom

BintiMvumi, kabla hujaamua, kagua wakala mwenyewe. Uwakala wa ajira hapa nchini unahitaji leseni kutoka kwa Kamishna wa Kazi. Wengi wakiulizwa leseni wanakuonyesha cheti cha BRELA au leseni ya biashara ya halmashauri. Hivyo vinathibitisha kuna kampuni, havimpi ruhusa ya kupeleka watu nje. Wewe bahati nzuri upo Dodoma, ofisi ya Kamishna iko mjini kwako. Nenda na jina la kampuni kama lilivyoandikwa kwenye risiti, uliza kama imo kwenye orodha yao na leseni inaisha lini. Waulize pia watu wa TaESA, nao wanashughulika na ajira za nje.

Na jina liwe lile lile. Kuna kampuni zinatumia leseni ya nyingine. Unaonyeshwa leseni ya kweli, lakini hela unaituma kwenye namba ya simu ya mtu binafsi.

Baba_Nzuguni

Jamani, msiwakatishe watu tamaa. Mdogo wangu wa kike alienda Oman kwa njia hiyo hiyo ya kazi za ndani na kajenga Nzuguni, vyumba vitatu. Siyo kila familia ni mbaya. Huyu dada akipata familia nzuri, riyali 4,000 ni pesa.

KakaWaMahututi

Baba_Nzuguni, hongera kwa mdogo wako, na ninaamini. Wapo wanaokwenda kazi za ndani wakijua ni kazi za ndani, na wanafanikiwa. Kama BintiMvumi anataka kuifanya kwa jina lake hilo, ni uamuzi wake, mradi asilipe viza na familia izungumze naye kwa video kabla.

Ninachotaka aone ni upande wa taaluma. Miaka 2 nyumbani kwa mtu haina idara ya utumishi ya kuithibitisha. Kesho akiomba hospitali, DataFlow watamwandikia nani? Familia? Miaka hiyo itaonekana kama pengo, wakati waajiri wa Ghuba wanataka uzoefu wa karibuni wa wodini. Mtu anaondoka muuguzi wa mwaka mmoja na nusu, anarudi na uzoefu ule ule, tena umepoa. Kwa upande wangu naona ni afadhali amalize miaka 2 kamili hapo alipo, barua yake iwe ya kweli, huku anafanya uhakiki taratibu kwa jina lake.

BintiMvumi

Nimeenda kwa Kamishna wa Kazi. Kampuni kwa jina lililo kwenye ujumbe wa malipo hawaioni. Kuna nyingine yenye jina linalokaribiana, ndiyo ina leseni. Nimewapigia hao wenye leseni, wamesema hawana mtu Dodoma.

Hela sitatoa. Shida iliyobaki ni pasipoti yangu. Nimemwomba yule dada anirudishie, anasema nilipe kwanza 250,000 za usumbufu wa kufungua faili.

AfisaUtumishi_Dom

Usilipe. Pasipoti ni mali ya serikali, wewe umekabidhiwa tu, na mtu binafsi hana haki ya kuishikilia kama rehani. Mwandikie ujumbe mfupi wa heshima, taja tarehe aliyoichukua, mpe hadi kesho saa 10 jioni airudishe. Usimtukane. Ujumbe huo ndio ushahidi wako. Asiporudisha, nenda polisi ukafungue taarifa kisha upeleke Uhamiaji, uwe na namba ya pasipoti na picha za mazungumzo yenu yote, pamoja na pale aliposema atakuandikia barua ya miaka 3.

Mpwapwa_Original

Dada, akikuita mkutane usiende peke yako. Mimi nakuja mjini Alhamisi, nitakusindikiza kama hujapata mtu.

BintiMvumi

Asante kaka. Nitaenda na mjomba, na Alhamisi nikihitaji nitakutafuta. Ujumbe nimeshautuma, umesomwa, haujajibiwa.

FundiMaabara

Wakuu msinisahau. Chuoni nimeenda. Wanasema wao ni uongozi mpya na kumbukumbu za miaka yetu ziko kwa waliopita.

AfisaUtumishi_Dom

FundiMaabara, rudi kwa mkuu wa chuo na nakala ya stashahada na namba yako ya usajili. Omba barua ya chuo yenye nembo yenye mambo matatu: chuo kiliitwaje zamani, kimebadilika lini, na nani sasa anajibu maswali ya wahitimu wa zamani, kwa barua pepe ya chuo siyo ya mtu. Wakikataa, nenda NACTVET, wao ndio wanaosimamia vyuo vya kati na wana njia ya kuthibitisha tuzo. Ukipata barua hiyo iambatanishe kwa DataFlow kwenye namba ile ile ya maombi, uombe waangalie tena, na uwaulize gharama kabla hujalipa chochote. Jina la zamani la chuo lilikuwa lipi? Liandike hapa, huenda kuna mwenzako wa darasa aliyeshapita njia hiyo.